Paa Linalovuja na Heshima ya Mwenye Nyumba

Malalamiko ya mpangaji kuhusu matengenezo hubeba mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa, yaani habari ya kitu kilichoharibika na hukumu juu ya mtu aliyeacha kiharibike, na sehemu kubwa ya ugomvi kati ya wapangaji na wenye nyumba huanza pale ambapo hukumu inaitangulia habari. Sura hii inafuatilia jambo moja tu, paa linalovuja, katika mahali pamoja, Bujora na mji mdogo wa Kisesa unaopakana nayo wilayani Magu, kwa sababu huko mpangaji hukabiliwa na ugumu ambao vitabu vya haki za wapangaji havielekei kuuona: mtu anayedaiwa matengenezo ni huyohuyo anayestahili shikamoo.

Kisesa ipo kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, kilomita zipatazo 20 kutoka jijini, na Bujora ipo pembeni yake, ikijulikana zaidi kwa Makumbusho ya Wasukuma yaliyojengwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari aliyefika huko katika miaka ya 1950. Vyumba vya kupanga katika eneo hili vimo mara nyingi katika nyumba ndefu zenye wapangaji kadhaa chini ya paa moja, na mwenye nyumba huishi kwenye uwanja uleule au umbali wa kutembea kwa miguu, akikutana na mpangaji wake kisimani, sokoni, msibani na kanisani. Malalamiko yanayopelekwa kwa mtu wa namna hiyo hayaishii kwenye paa, kwa kuwa maneno yaliyotumika Jumapili hukumbukwa Jumatano mtu anapokwenda kuomba ngazi.

Jambo la pili linalotawala uhusiano huu ni utaratibu wa kulipa kodi kwa mkupuo, kwa kawaida miezi sita au mwaka, kabla ya kuingia. Mpangaji aliyelipa miezi sita mwezi Septemba na kuona paa likivuja mwezi Novemba hana kodi ya kuzuia mkononi, maana fedha imekwishatoka na huenda imekwishatumika, na tishio la kuhama ni tishio la kujiumiza mwenyewe. Anachobakiwa nacho ni maneno, ushahidi na tarehe ya kulipa mkupuo unaofuata, na ndiyo sababu maneno hayo yanastahili kupangwa kwa uangalifu uleule ambao mtu hutumia anapohesabu fedha.

Heshima inayodaiwa na ulaini wa hiari

Wataalamu wa isimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kazi yao juu ya lugha ya adabu iliyotoka mwaka 1978 na kuchapishwa upya kama kitabu mwaka 1987, walitumia dhana ya uso kueleza ile taswira ya nafsi ambayo kila mtu hutaka wengine waitambue. Uso huo, kwa maelezo yao, una pande mbili: upande mmoja ni haja ya mtu kukubalika na kuthaminiwa, na upande wa pili ni haja ya kutoingiliwa wala kuamrishwa. Malalamiko ya matengenezo hugusa pande zote mbili kwa pamoja, kwani humwambia mwenye nyumba kwamba kuna alichokosa kukifanya, na papo hapo humtaka atoe fedha na muda wake. Kwa hiyo mlalamikaji hutafuta njia za kupunguza makali, na njia hizo ndizo zinazoitwa hapa ulainishaji.

Nadharia hiyo ilipingwa na mtaalamu wa Kijapani Sachiko Ide mwaka 1989, aliyeonyesha kwamba katika jamii nyingi sehemu kubwa ya adabu si mbinu ambayo msemaji anaichagua ili apate anachotaka, bali ni wajibu unaotokana na nafasi ya kila mmoja mbele ya mwenzake. Pingamizi hilo lina uzito mkubwa kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu linatenganisha vitu viwili ambavyo wapangaji wengi huvichanganya. Shikamoo, kuulizia hali ya nyumbani, kumwita mwenye nyumba "mama" au "mzee" au kwa jina la mtoto wake, na kusalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" asubuhi iwapo mpangaji anakijua, ni heshima inayodaiwa; anayeitoa hajapoteza chochote, na asiyeitoa ameongeza kosa la pili juu ya jambo lililompeleka. Maneno kama "kidogo tu", "si sana", "ukipata nafasi" na "hakuna shida" ni ulaini wa hiari, na kila mojawapo lina gharama yake, kwa kuwa linapunguza kitu fulani ndani ya ujumbe: ama ukubwa wa uharibifu, ama uzito wa ombi, ama ukaribu wa tarehe.

Msimamo wa sura hii ni kwamba heshima inayodaiwa itolewe yote bila kubakiza, na kwamba ulaini wa hiari uelekezwe mahali pamoja tu, kwenye swali la nani alaumiwe. Uharibifu wenyewe, kinachoombwa na siku ya mwisho vibaki vigumu kama vilivyo. Mpangaji anayelalamika kwa hasira kwa kawaida huwa amevifanya vigumu vyote vinne, na yule anayelalamika kwa woga huwa amevilainisha vyote. Wa kwanza hupata ugomvi, wa pili hupata ahadi isiyo na siku.

Kulijua tundu kabla ya kulisema

Ujumbe ulio laini kwa mtu na mgumu kwa jambo hauwezi kuandikwa na asiyelijua jambo, kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika chumbani wala si kwenye simu. Bati huvuja kwa njia chache zinazojulikana na mafundi: mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka kwa jua, upepo mkali hunyanyua bati na kulegeza misumari kutoka kwenye papi, yaani mbao nyembamba zinazolazwa juu ya kenchi ili zipokee misumari, maungio ya bati mbili huachana, au kofia inayofunika kilele cha paa husogea. Katika chumba kisicho na dari, mpangaji akifunga mlango na dirisha wakati wa jua kali na kutazama juu, tundu la msumari huonekana kama nukta ya mwanga. Mahali maji yanapodondokea si lazima pawe chini ya tundu, kwa sababu maji huteremka yakifuata mteremko wa bati au kutambaa kwenye mbao kabla ya kuanguka, hivyo tundu hutafutwa upande wa juu wa mteremko kuanzia pale tone linapoangukia.

Kuna kosa moja la utambuzi linaloweza kumwaibisha mpangaji mbele ya fundi. Bati lisilo na dari hutoa matone alfajiri hata pasiponyesha, kwa kuwa mvuke wa chumbani, hasa panapopikwa ndani au wanapolala watu wengi, hugusa bati lililopoa usiku na kugeuka maji. Dalili yake ni kwamba unyevu hutapakaa eneo kubwa badala ya kudondoka mahali pamoja, na kwamba hutokea bila mvua. Dawa yake ni kupitisha hewa au kuweka dari, jambo ambalo ni ombi la kuboresha nyumba na halipaswi kupelekwa kama madai ya ukarabati.

Kitu kingine cha kuandikwa ni siku za mvua zilizoingiza maji, kiasi cha maji na kilichoguswa. "Nusu ndoo usiku wa Jumanne" ni habari ambayo mwenye nyumba anaweza kuipokea bila kuona ametukanwa, na fundi anaweza kuitumia, ilhali "nyumba nzima inavuja" ni kauli ambayo mwenye nyumba ataipinga kwa sababu anajua vyumba vingine ni vikavu, na akishaipinga mazungumzo hugeuka kuwa ubishi kuhusu ukweli wa mpangaji. Picha mbili za simu, moja ya tundu na nyingine ya ukuta ulioloa, hupunguza maneno mengi, ingawa kwa mwenye nyumba mzee mwenye simu ndogo picha hizo zitaonyeshwa ana kwa ana.

Jumbe tatu kuhusu tundu moja

Ichukuliwe kwamba mpangaji, muuguzi kijana, anaishi katika chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wanne karibu na Bujora, kwa kodi ya shilingi 70,000 kwa mwezi, na kwamba mwezi Septemba amelipa shilingi 420,000 zitakazomfikisha mwisho wa Februari. Mwenye nyumba ni mama wa makamo anayeitwa na wote Mama Kulwa. Mvua ya usiku wa Jumanne tarehe 12 Novemba na ya Ijumaa tarehe 15 zimeingia sebuleni kupitia misumari miwili iliyolegea, na maji yanateremka ukutani karibu na swichi ya taa. Huu ni mfano wa kutungwa, lakini jumbe tatu zinazofuata zimetungwa kwa kufuata namna watu wanavyoandikiana.

Ujumbe wa kwanza ni huu: "Mama Kulwa umeiacha nyumba mpaka inavuja, vitu vyangu vinaloa na kodi umeshakula. Usipoleta fundi kesho nitajua cha kufanya." Kila kilichomo kinaweza kuwa kweli, na bado ujumbe huu hauna habari hata moja ambayo mwenye nyumba angeweza kuifanyia kazi, kwa sababu hausemi panavuja wapi, kiasi gani wala tangu lini. Kitenzi "umeiacha" kimemtia mwenye nyumba hatiani kabla hajajua kosa, kodi iliyolipwa kihalali imegeuzwa kuwa ulafi, na tishio la mwisho halina maana kwa kuwa hata mtumaji hajaamua atafanya nini. Shikamoo imekosekana pia, na mama huyo, akisimulia habari hiyo kwa majirani, ataanza na hilo, na majirani watakuwa upande wake hata kama nao wanavujiwa.

Ujumbe wa pili unakwenda upande mwingine: "Shikamoo mama yangu. Samahani sana kwa usumbufu, najua una mambo mengi. Kuna kamaji kidogo kanadondokaga pale sebuleni, si sana, ila ukipata nafasi siku moja naomba umwambie fundi apitie. Hakuna shida mama." Sikio la Kanda ya Ziwa litausikia ujumbe huu kuwa wa mtoto mwenye adabu, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake, kwa kuwa kila neno la ulaini limekata kipande cha madai. "Kamaji kidogo" kamefuta nusu ndoo, "kanadondokaga" kamefanya tukio la wiki hii lionekane kuwa hali ya siku zote iliyokwishazoeleka, "ukipata nafasi siku moja" imefuta tarehe, na "hakuna shida" imemwambia mwenye nyumba, kwa maneno ya mpangaji mwenyewe, kwamba hakuna cha kufanya. Swichi ya umeme, ambayo ni hatari ya kweli, haikutajwa kabisa, pengine kwa kuogopa kuonekana mtu wa kukuza mambo. Mama Kulwa akikaa mwezi mzima bila kumtuma fundi hatakuwa amemdharau mtu, maana ameambiwa asubiri.

Ujumbe wa tatu unafaa usemwe kwanza kwa mdomo, mpangaji akiwa amekwenda nyumbani kwa mama huyo na kupiga hodi, kisha uandikwe siku hiyohiyo kwa simu ili ubaki: "Shikamoo mama, na poleni na majukumu. Kama nilivyokueleza leo, paa la upande wangu limeanza kuvuja. Mvua ya Jumanne usiku na ya Ijumaa imeingia sebuleni, nimekinga nusu ndoo kila mara. Mchana nimeangalia, naona misumari miwili ya bati imelegea, na maji yanashuka ukutani karibu na swichi ya taa, hivyo taa hiyo nimeacha kuiwasha. Naomba fundi aje Ijumaa au Jumamosi hii, tarehe 22 au 23, kabla mvua hazijaongezeka. Mimi nipo baada ya saa kumi jioni, na nikiwa kazini ufunguo utakuwa kwa jirani. Naomba unijulishe siku ipi ili nimpokee."

Nguvu ya ujumbe huu inatokana kwanza na umbo la vitenzi. Kiswahili kinampa msemaji kauli ya kutendeka na vitenzi vya hali vinavyofanana nayo, ambamo kitu kinasemwa kwamba kimelegea, kimetoboka, kimepasuka au kimechakaa bila kumtaja aliyekifanya hivyo, na usemi huo ni mahali pa heshima pa kuweka lawama ambayo haijathibitishwa, kwa kuwa misumari hulegea kweli kwa upepo na jua hata kwenye nyumba inayotunzwa. Mwenye nyumba anaachiwa nafasi ya kuwa mtu anayetengeneza kilichoharibika badala ya mtu anayekiri uzembe. Tarehe, kwa upande wake, imewekwa kama uchaguzi kati ya siku mbili, na hivyo ile haja ya kutoamrishwa imeheshimiwa ndani ya mpaka usiosogea, jambo ambalo "ukipata nafasi" haiwezi kulifanya. Sentensi kuhusu ufunguo inaondoa udhuru unaotumika kuliko wote, kwamba fundi alifika akakuta mlango umefungwa, na ombi la kujulishwa siku linamfanya anayenyamaza aonekane amenyamaza.

Yupo atakayeuliza kwa nini neno "naomba" limebakizwa ikiwa kinachodaiwa ni haki. Katika mazungumzo ya Kitanzania hata mteja anayenunua chumvi kwa fedha yake husema "naomba", na kulidondosha neno hilo hakuongezi ugumu wa madai bali kunaongeza ukali wa mtu. Ugumu umo katika tarehe na katika swichi. Samahani, kinyume chake, imeondolewa kwa makusudi, kwa sababu huombwa na aliyekosa, na mpangaji anayeanza kwa kuomba radhi kwa sababu nyumba inavuja amekwishabadilishana nafasi na mwenye nyumba.

Jibu lisilo na siku

Jibu linalotarajiwa zaidi ni "Sawa mwanangu, nitamtuma fundi", na mpangaji mwenye adabu huondoka akiwa ameridhika. Jibu hilo ni la kweli kwa nia lakini halina siku, na mahali pa kulipatia siku ni palepale, kwa swali fupi lisilo na shaka juu ya nia hiyo: "Asante mama, basi nimtarajie Ijumaa au Jumamosi?" Kuuliza hivyo mara ya kwanza hakumkeri mtu, ilhali kurudi baada ya wiki mbili kuuliza "vipi ile habari ya fundi" tayari kunanuka lawama.

Jumamosi ikipita bila fundi kufika, ujumbe wa ufuatiliaji unapaswa kumwachia mwenye nyumba mlango wa kutokea huku ukiongeza uzito wa habari: "Shikamoo mama. Jumamosi tulimsubiri fundi hakufika, bila shaka kuna lililomzuia. Jana usiku maji yameingia tena na sasa yamefika kwenye swichi. Naomba tukubaliane siku nyingine ndani ya wiki hii." Kosa limewekwa kwa fundi na kwa kizuizi kisichojulikana, lakini tarehe iliyovunjwa imetajwa wazi, na maendeleo ya uharibifu ndiyo yanayopandisha sauti badala ya mlalamikaji. Haifai katika hatua hii wapangaji wote wanne kwenda pamoja, kwa kuwa kundi linaloingia uwanjani huonekana kama shauri la hadharani; anafaa zaidi kwenda mpangaji wa siku nyingi au jirani mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Dalali aliyemleta mpangaji ni chaguo baya, kwani ujira wake alikwishaupata siku ya kuingia na hana anachopoteza paa likivuja.

Sababu ya kweli ya kuchelewa huko mara nyingi ni ukosefu wa fedha, nayo huwa ngumu kuisema kwa mtu anayeitwa "mwenye nyumba". Mpangaji anayeihisi anaweza kufungua njia bila kumtaka mama huyo atamke umaskini wake, kwa kupendekeza kwamba yeye amlipe fundi sasa na gharama ipunguzwe kwenye kodi ijayo. Tuseme bati moja ni shilingi 30,000, misumari 4,000, ufundi 15,000 na usafiri wa bodaboda 3,000, jumla ikiwa shilingi 52,000. Mwezi Machi, badala ya 420,000, mpangaji atalipa 368,000. Makubaliano hayo yanapaswa kuandikwa kabla fundi hajapanda juu, kwenye karatasi moja yenye kazi itakayofanyika, kiwango cha juu cha fedha, kodi ya kipindi gani itapunguzwa, sahihi za wote wawili na ya shahidi, kisha stakabadhi za duka zibandikwe nyuma yake. Mpangaji anayetengeneza kwanza na kudai baadaye, hata kwa nia njema, amemnyima mwenye nyumba haki ya kukubali bei, na ugomvi utakaozuka Machi utakuwa mkubwa kuliko ule wa Novemba.

Sheria nyuma ya pazia

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaweka katika kifungu cha 88 masharti yanayomfunga mpangishaji hata pale ambapo mkataba haukuyaandika, na mojawapo ni kwamba anayepangisha sehemu tu ya jengo anawajibika kutunza paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Nyumba ya wapangaji wanne chini ya paa moja inaangukia hapo moja kwa moja. Sheria hiyo pia inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au pungufu ufanyike kwa mdomo, kwa hiyo kukosa karatasi si kukosa mkataba. Mpangaji naye ana wajibu wake wa kutunza alichokabidhiwa na kumruhusu mwenye nyumba aingie kukagua kwa wakati unaofaa, na kitasa kilichovunjwa na mtoto wake hakimo katika madai ya paa.

Kujua haya kunampa mpangaji utulivu wa sauti, lakini kuyataja katika ujumbe wa kwanza ni kupoteza ngazi zote za katikati. Namba ya kifungu inamwambia mwenye nyumba kwamba shauri limekwishafikiriwa kupelekwa mahakamani, naye hujibu kama mshitakiwa. Mahali pake ni barua, na barua ina uzito wa aina yake katika jamii ambamo watu wanaoonana kila siku hawaandikiani: yenye anwani, tarehe, kichwa kinachoanza na "Yah: Kuvuja kwa paa la sebule" na maneno "husika na kichwa cha habari hapo juu", hiyo ni sauti ya ofisi iliyoingia uwanjani. Barua hiyo hupelekwa kwa mkono, baada ya mpangaji kumweleza mama huyo kwa mdomo kwamba ameandika ili mambo yasisahaulike, na inataja mfululizo wa tarehe, kinachoombwa, siku ya mwisho na wajibu wa paa kisheria kwa sentensi moja isiyo na kivumishi chochote. Nakala hubaki kwa mpangaji ikiwa na sahihi ya aliyeipokea.

Ikishindikana, hatua inayofuata ni mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, ambaye huita pande mbili bila kuandika mengi, na baada yake Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halina tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na nyumba, bali hupatanisha, na likishindwa hutoa cheti kinachomwezesha mlalamikaji kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda huko hata bila cheti hicho. Wapatanishi watasoma zile jumbe za simu kwa mpangilio wake, na mpangaji aliyeandika ule ujumbe wa kwanza kati ya zile tatu atatumia nusu ya kikao akieleza ukali wake, huku yule aliyeandika wa pili akiulizwa kwa nini alisema hakuna shida.

Wakati wa kusema

Kalenda ya eneo hili ina mtego unaofaa kuangaliwa. Paa huvuja katika mvua za vuli na masika, wakati fundi hawezi kufanya kazi nzuri juu ya bati lenye utelezi na mwenye nyumba anayelima ana fedha iliyokwenda kwenye mbegu na vibarua. Kiangazi, kuanzia Juni, bati ni kavu, na kwa familia zinazolima pamba fedha ya mauzo inaanza kuingia, lakini hakuna kinachovuja na malalamiko ya Novemba yanaonekana kuwa hadithi. Kwa sababu hiyo matengenezo hugawanywa mara mbili: katika mvua huombwa kiraka cha dharura, yaani kukaza misumari na kuziba matundu, na ndani ya ujumbe uleule huombwa ukaguzi wa paa zima wakati wa kiangazi, ukitajwa mwezi. Picha na tarehe zilizohifadhiwa tangu Novemba ndizo zitakazousimamia ukaguzi huo mwezi Julai.

Ndani ya kiangazi hicho kuna siku chache ambazo hazifai hata kidogo, nazo ni siku za Bulabo, tamasha la ngoma linalofanyika Bujora mwezi Juni likifungamana na sikukuu ya Ekaristi, ambapo vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana mbele ya umati na nyumba nyingi hujaa wageni. Malalamiko yanayoletwa mbele ya wageni wa mtu, hata yawe laini kiasi gani, ni aibu ya hadharani, na mwenye nyumba hatayajibu kama mwenye paa bali kama mwenyeji aliyefedheheshwa. Wiki mbili baadaye maneno yaleyale yatasikilizwa.

Fundi akishamaliza, mpangaji anasubiri mvua moja ya kweli kabla ya kusema kazi imekwisha, kisha hutuma ujumbe wa mwisho ambao watu wengi huusahau: "Shikamoo mama. Fundi alifika Alhamisi, amebadilisha misumari na bati moja. Mvua ya jana haikuingia tone. Nashukuru sana mama, wabeja. Ukutani pale kwenye swichi bado pana unyevu, nitapaangalia pakikauka nikujulishe kabla ya Krismasi."